Hotuba ya dakika nne siku ya kufungua nyumba: mafundi, familia, majirani, nani aanze?

Baba Tausi

Wakuu, habari za jioni. Jumamosi ijayo, Mungu akijaalia, tunasoma dua ya kuingia nyumba yetu huku Kivule. Ratiba imeshapangwa: sheikh anasoma dua baada ya adhuhuri, mimi nasema neno la shukrani, kisha watu wanakula pilau. Mshereheshaji ni binamu yangu. Kanipa dakika nne na kasema ikiingia ya tano anazima maiki, na namjua, atazima kweli.

Rasimu ninayo, ila nikiisoma naona kama taarifa ya mkutano mkuu wa chama cha ushirika. Inaanza hivi:

"Ndugu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ndugu balozi, sheikh wetu, wazee wangu, wakwe zangu, majirani, mafundi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Kwa niaba ya familia yangu na kwa niaba yangu binafsi, napenda kuchukua nafasi hii adhimu kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha. Nawashukuru mafundi wote kwa kazi nzuri. Nawashukuru wanafamilia wote kwa ushirikiano wao. Nawashukuru majirani wote kwa upendo wao. Bila ninyi nisingefika hapa."

Baada ya hapo kuna orodha ya majina 23. Wageni ni kama 80, nusu ya majirani ni Wakristo. Mama yangu anatoka Muheza, wakwe wanatoka Kondoa. Mafundi wote nimewaalika. Nisaidieni kuinyoosha, natanguliza shukrani.

Ngosha wa Tegeta

Hongera sana mkuu. Kwenye msingi usikubali fundi akwambie mawe yanatosha bila mkanda. Weka nondo nne za milimita 12, ringi za milimita 8, zege moja kwa mbili kwa nne. Mengine yatajipanga yenyewe.

Baba Tausi

Mkuu, nyumba ina bati na madirisha. Tunahamia.

Ngosha wa Tegeta

Aa, nimesoma mbio mbio. Basi hongera mara mbili.

Mjukuu wa Diwani

Mimi sioni ubaya wa hiyo rasimu. Itifaki ni lazima. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akiwepo anatajwa wa kwanza, anafuata balozi wa nyumba kumi maana naye ni serikali, halafu viongozi wa dini, halafu ndio familia. Ukivuruga hapo watu wazima watanuna na chakula chako hawatakigusa. Na majina taja yote, hata yakifika 40. Mtu anapenda kusikia jina lake.

Mzee Kipaza

Nimeshika maiki kwenye shughuli za watu tangu enzi za spika za kukodi na betri ya gari, kwa hiyo niruhusuni.

Mjukuu wa Diwani yuko sawa kwa mwenyekiti, kwa sharti moja: akiwa amealikwa kama mgeni rasmi. Akija kama jirani, anayemtambulisha ni mshereheshaji kabla mwenye nyumba hajasimama, na kazi hiyo inakuwa imeisha. Balozi ni kiongozi wa shina la chama, siyo wa serikali. Mheshimu kama mzee wa pale mtaani. Ukimpandisha mbele ya sheikh aliyetoka kuomba dua sasa hivi, wazee wataguna.

Sasa hesabu. Mtu anayesema mbele za watu bila kukimbia anatoa kama maneno 100 kwa dakika. Hesabu pia watakaocheka, watakaopiga makofi, na mtoto atakayelia. Dakika nne kwa hiyo ni maneno 350, yakizidi sana 400. Baba Tausi, salamu na itifaki yako imekula karibu nusu dakika na bado hujamshukuru hata mmoja. Majina 23, kila moja na cheo chake, yatakula dakika nyingine nzima.

Lakini urefu siyo ugonjwa wenyewe. Angalia mistari yako mitatu: mafundi wote kazi nzuri, familia yote ushirikiano, majirani wote upendo. Nikiichukua hotuba hiyo kesho naweza kuisoma kwenye nyumba ya mtu wa Bunju na hakuna atakayejua imetoka Kivule. Shukrani inasimama juu ya tukio. Fundi anajua amefanya kazi nzuri, ndiyo maana ulimlipa. Anachotaka kusikia ni kwamba uliona.

Nijibu maswali matatu, usiyaandike kihotuba, yaandike kama unapiga soga. Fundi alifanya nini ambacho hakikuwa kwenye makubaliano? Jirani alikupa nini siku ambayo hukuwa nacho? Na ndani ya nyumba yako, nani alikosa kitu chake ili tofali zinunuliwe?

Baba Tausi

Sawa mzee, nayaandika yalivyo. Majina nayaacha, siku yenyewe yatakuwepo.

Fundi mkuu: tulipofika usawa wa madirisha upande wa chumba cha watoto, alikuja asubuhi, akatundika timazi, akaitazama, akasogea akaitazama tena. Hakumgombeza mtu. Akawaambia vijana, "Shusheni." Wakabomoa kozi tatu zilizojengwa jana yake, wakasafisha tofali zilizopona, wakajenga upya. Mimi wala nisingegundua. Siku ile ya pili hakuniomba hela, na saruji iliyopotea alinunua yeye.

Saidia fundi mmoja, kijana mdogo anakaa jirani na pale: masika mvua ilinyesha usiku wa manane, akaamka kwake akaja kufunika saruji na turubai. Asubuhi nafika nakuta mifuko mikavu, yeye amelala juu ya mbao.

Majirani: mama wa nyumba ya kushoto ana kisima. Sisi hatukuwa na maji. Alipitisha mpira juu ya ukuta, tukachota maji ya kujengea na ya kumwagilia kuta asubuhi na jioni, miezi yote hiyo. Tukampa hela ya umeme wa pampu, akapokea mara moja tu. Mzee wa mbele alitutunzia saruji sebuleni kwake, makochi akayatoa barazani.

Ndani: mke wangu. Mimi nipo kazini, aliyekuwa anasimamia ni yeye. Lori la mchanga likija anapanda juu na kijiti, anakichomeka pembe zote nne na katikati. Dereva mmoja alikuwa anarundika katikati na pembeni kumepungua, ukitazama kwa chini unaona limejaa. Akalirudisha. Na hela ya bati nusu ni mkopo wake wa vikoba. Mama aliuza ng'ombe Muheza. Marehemu baba ndiye aliyeniambia ninunue kiwanja huku wakati kukiwa pori.

Mzee Kipaza

Ona sasa. Hotuba umeshaiandika, kilichobaki ni kukata.

Timazi Haidanganyi

Mimi fundi, nimejenga miaka. Naomba niongee upande wetu maana kwenye shughuli hizi tunashukuriwa sana halafu tunakaa nyuma ya nyumba na wapishi.

Moja. Kabla hujapanda mbele kutushukuru, tumalizie hela yetu. Nimewahi kusimamishwa mbele za watu, napigiwa makofi, na anayeniombea makofi hayo ndiye ninayemdai malipo ya plasta. Unacheka kwa meno tu. Kuna mwenzangu aliombwa "neno kutoka kwa mafundi", akachukua maiki akasema anashukuru sana na anaomba akumbushe kiasi kilichobaki. Shughuli ikapoa pale pale.

Mbili. Saidia fundi mnawasahau. Hotuba nzima ni fundi mkuu. Zege halipandi lenta lenyewe, kuna watu wamelipandisha kwa ndoo. Na uliza majina yao mapema. Kuna kijana unamwita kwa jina la utani mwaka mzima, siku ya shukrani unataka kumtaja unagundua jina lake hulijui. Wengine wanapenda hilo hilo la utani, muulize mwenyewe anataka lipi.

Tatu. Kama utatusimamisha, tuambie kabla. Tutavaa.

Sharifa Msambweni

La kwanza la fundi lina mafundisho kabisa, mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho halijakauka. Sheikh mwenyewe anaweza kuligusia kwenye dua, ila hapo utakuwa umeshalipa au utatafuta pa kujificha.

Baba Tausi

Fundi, salio lipo. Nimebakiza kidogo kwa fundi rangi na kidogo kwa fundi mkuu. Yote nitayamaliza Alhamisi.

Mama Vikoba

Mnapita haraka kwenye la mke. Ukisoma hotuba nyingi za wanaume utasikia "namshukuru mke wangu kwa kunivumilia". Kuvumilia nini? Huyu kapanda juu ya lori, kakopa, kasimamia. Sema "tumejenga", usiseme "nimejenga", tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Na hela ya bati itaje wazi, watu wajue ni mkopo wake. Wanawake watakuja kunyang'anywa nyumba kwa sababu siku ya furaha hakuna aliyesema nani alileta nini.

Mkwe wa Rombo

Mama Vikoba nakuunga mkono kwenye "tumejenga", ila hela, hapana. Mimi kwetu tulibariki nyumba Desemba, padre akaja na maji ya baraka akanyunyiza chumba kwa chumba, watu wote wako likizo, uwanja umejaa. Nikashukuru upande wangu vizuri. Nikataja kaka alitoa hiki, dada alitoa kile, kwa kiasi. Wakwe zangu walikuwa wametoa mbao zote za kupaulia, nami nikasema tu "na wakwe zangu kwa mchango wao". Baba mkwe akaomba nafasi. Akaongea dakika 40. Alianzia kwenye shamba la miti lilivyopandwa na babu yake.

Tangu hapo kiasi sitaji. Ukitaja cha mmoja, umepima na wengine wote.

Mzee Kipaza

Hapo ndipo ushauri wa kutaja majina yote unapogeuka mtego. Ukitaja 23, wa 24 ameachwa kwa makusudi, ndivyo atakavyoamini mpaka kufa. Ukitaja watano na kila mmoja na tukio lake, waliobaki wanaelewa kwamba ni mifano, mradi uwe na sentensi moja inayowabeba. Mafundi ni wachache, wataje kwa majina. Familia wataje kwa nafasi zao: mama, wakwe, ndugu. Majirani taja wawili wenye matukio, wengine wabebe kwa pamoja.

La hela Mama Vikoba ana hoja, lakini mkopo ni siri ya aliyekopa. Pale watakaa wanakikundi wenzake na pengine mama mkwe asiyejua. Amuulize mwenyewe.

Mama Vikoba

Amuulize, sawa. Ila asimuulize kwa namna ya kumwomba akatae.

Baba Tausi

Nimemuuliza jana usiku. Kasema vikoba usiviguse, lori la mchanga lisimulie, na wakicheka ndio vizuri. Nimemuuliza kama anataka kusema neno yeye mwenyewe, kasema atafikiria.

Kuna jambo lingine gumu. Jirani wa nyuma tulivutana kuhusu mpaka. Alisogeza nguzo za uzio, tukaenda mpaka ofisi ya serikali ya mtaa, yakaisha kwa maandishi, lakini salamu ni za mbali. Nimemwalika na kasema atakuja. Nimtaje?

Mjukuu wa Diwani

Mtaje tena wa kwanza kati ya majirani. Amani inaanzia hapo.

Mzee Kipaza

Usimtaje. Mtu ambaye hamjakaa mkaongea, ukimtaja mbele ya watu 80 anajiuliza unamsifu au unamchoma. "Majirani wa pande zote nne" inamtosha, naye yumo. Ila akifika, mpokee wewe getini, usimwachie kijana wa kupanga viti.

Mkwe wa Rombo

Mzee, kwetu hilo lingekuwa kosa. Aliyekuja ameshanyoosha mkono. Ukiwataja wa kushoto na wa mbele halafu wa nyuma ukamruka, kila mtu anaujua huo mgogoro, watageuka kumtazama.

Mzee Kipaza

Ndiyo maana nasema pande zote nne. Lakini Rombo mnajuana kwa koo, Kivule mtu kahamia juzi. Mwenye nyumba atapima.

Baba Tausi

Nimekaa nimeandika upya. Nimeisoma kwa sauti chumbani na saa mkononi, imetoka dakika tatu na nusu, bila makofi. Tazameni.

"Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote.

Sheikh ametuombea, Alhamdulillah. Sitawachelewesha, harufu ya pilau nami naisikia.

Kiwanja hiki marehemu baba alinileta kukiona kukiwa na mikorosho na njia ya baiskeli. Akaniambia nunua, mji utakufuata. Mji umefika, yeye ametangulia. Mungu amrehemu.

Nyumba hii tumeijenga. Nasema tumeijenga kwa sababu mimi nilikuwa ninaondoka alfajiri narudi usiku. Waliokuwa wakija na lori la mchanga wanamjua aliyekuwa anapanda juu na kijiti, anapima pembe zote nne. Kuna dereva aligeuza lori hapo njiani akarudi nalo. Mama Tausi, kila chumba humu ndani kimepita mikononi mwako. Ahsante.

Mama yangu, ulichokitoa zizini mimi na wewe tunakijua. Wakwe zangu, mlinipa binti, kisha mkaendelea kutoa. Ndugu zangu wa pande zote mbili, wengine mlituma, wengine mlikuja kushika koleo, wengine mlikuwa mnapiga simu kila Jumapili kuuliza tumefika wapi. Hakuna aliyetoa kidogo.

Fundi Fulani, naomba usimame. Siku moja mlijenga ukuta wa chumba cha watoto. Kesho yake ukatundika timazi, ukasema neno moja: shusheni. Mimi nisingejua. Watoto wangu watalala nyuma ya ukuta ulionyooka kwa sababu wewe uliona. Na kijana Fulani, uliyekuja usiku wa mvua kufunika saruji, simama nawe. Fundi wa paa, fundi umeme, fundi bomba, fundi rangi, na vijana wote waliopandisha zege kwa ndoo, simameni tuwaone. Wapigieni makofi.

Majirani. Nyumba hii imejengwa kwa maji ya kisima cha Mama Fulani. Mpira ulipita juu ya ukuta ule, asubuhi na jioni. Na Mzee Fulani alitoa makochi yake nje ili saruji yetu ilale ndani. Majirani wa pande zote nne, mmevumilia vumbi, kelele za mashine ya zege na malori kuziba njia. Sasa kelele zimekwisha, waliobaki ni watoto wetu, na hao nao wana zao.

Nyumba hii ina mlango wa mbele na wa uani. Jirani asisubiri kualikwa.

Sasa naomba mafundi watangulie kwenye chakula. Karibuni."

Mzee Kipaza

Imetulia. Niseme machache. Umemaliza kwa kuwapa watu jambo la kufanya, hapo hapo mshereheshaji anapokea na mafundi wanaelekea kwenye sufuria. Hotuba nyingi hukwama mwishoni, mtu anasema "nisiwachoshe" mara tatu na bado yupo.

Mstari wa mama na zizi ni mzuri, mwenye kuelewa ataelewa na bei haijatajwa. "Hakuna aliyetoa kidogo" utulie baada ya kuisema, uhesabu kimoyomoyo mpaka tatu, ndipo uende kwa mafundi.

Karatasi usiishike yote. Andika kwenye kipande maneno haya tu: baba, lori, zizi, timazi, turubai, kisima, makochi, pande nne, chakula. Na majina ya mafundi yaandike kamili, maana hofu ya maiki inaanza kula majina kabla ya kitu kingine chochote.

Na umpange binamu yako. Mwambie mafundi waitwe waje mbele kabla hujaanza. Ukisema "simama" na fundi yuko uani anaosha mikono, utabaki umenyoosha mkono hewani.

Timazi Haidanganyi

Nzuri, lakini nina wasiwasi na hiyo "shusheni". Pale patakuwa na watu wanaotaka kujenga. Wengine watasikia kozi tatu zilipinda, hawatasikia kwamba zilibomolewa. Vijana waliojenga siku ile nao watakuwa wamesimama hapo. Muulize fundi kwanza kama anataka hadithi hiyo itoke.

Mama Vikoba

Mimi nikisikia fundi aliyebomoa kazi yake mwenyewe na kununua saruji yake, namchukua hapo hapo. Ni tangazo hilo, wala hajalilipia.

Timazi Haidanganyi

Wewe ndiye unayesikiliza mpaka mwisho. Wateja wote wangekuwa hivyo tusingegombana.

Baba Tausi

Nitamuuliza Alhamisi nikimpelekea salio. Akikataa ninayo nyingine: alikataa kupandisha kuta siku tulipomwaga mkanda, akasema ukae umwagiliwe kwanza, wakati mimi ndiye nilikuwa namharakisha. Hiyo inanichoma mimi badala yake.

Mzee Kipaza

Hiyo ya pili nayo ni tamu, na watu hupenda mwenye nyumba ajicheke mwenyewe. Usitie zote mbili tu.

Mswahili wa Kilifi

Wadau, nami nina yangu, samahani kuingilia. Sisi huku tuko mwanzo kabisa, tunaweka jiwe la msingi mwisho wa mwezi. Kutasomwa dua, atachinjwa mbuzi, na chifu amesema atapita. Naweza kuchukua hotuba hii nikageuza maneno?

Mzee Kipaza

Hapana, ndugu yangu wa Kilifi. Kwenye msingi hujapewa bado mengi ya kushukuru, na ukishukuru kazi ambayo haijafanyika utaonekana unanunua watu. Dakika moja na nusu inatosha, watu wamesimama juani hakuna hata kivuli.

Wa kushukuru siku hiyo ni wachache na unawajua: familia iliyokuuzia au kukurithisha ardhi, majirani waliosimama mkaonyeshana mipaka, na wazee waliokuja kuomba dua. La majirani wa mpaka lipe uzito, kwa sababu walioona alama zikiwekwa ndio watakaoulizwa kesho kukitokea ubishi. Waambie mbele ya chifu: "Mliokuwepo tulipopima, nawashukuru kwa kusimama nasi toka kigingi cha kwanza mpaka cha mwisho." Ni shukrani, na hapo hapo ni ushahidi.

Mafundi siku ya msingi unawakaribisha, huwashukuru. Watambulishe kwa majirani kwa majina, uombe wakihitaji maji au kivuli wasaidiwe, na uombe radhi mapema kwa vumbi na kelele zitakazokuja. Na tarehe ya kumaliza usiitaje hata ukiulizwa kwenye maiki. Mbuzi mliyemla wataisahau ladha yake, tarehe hawataisahau.

Mswahili wa Kilifi

Shukran mzee. Na chifu naye nimpe nafasi kabla yangu au baada?

Mjukuu wa Diwani

Kabla. Hapo sina shaka.

Mzee Kipaza

Baada. Ukimtanguliza chifu atazungumzia barabara na usalama robo saa nzima, na wewe utasimama watu wameshahamia kwa mbuzi. Sema yako mafupi, umkaribishe, akimaliza yeye dua isomwe na jiwe liwekwe.

Mjukuu wa Diwani

Akinuna usinitafute.